Taa Isigeuke Doa Jeupe

Anayejifunza kutengeneza picha za pande tatu akiweka taa kwenye chumba chake cha kwanza, mara nyingi hukwama mahali pamoja. Samani zimekaa vizuri, ukuta una chokaa yake, sakafu ina vumbi lake, lakini pale ilipo taa pana doa jeupe lisilo na umbo, na sehemu ya ukuta iliyo karibu nayo imefutika kabisa. Anapunguza nguvu ya taa. Doa linasinyaa, ila chumba kizima kinaingia gizani. Anaongeza taa ya pili ili kurudisha mwanga, na doa la pili linazaliwa. "Kaka, nimeshusha taa mpaka basi na bado inaungua," ndivyo wanavyolalamika vijana wanaoanza kazi hii.

Mara nyingi taa haina kosa lolote. Kompyuta imeshapiga hesabu ya mwanga sawasawa, na nakshi zote za ule ukuta uliofutika zimo ndani ya hesabu hiyo. Kinachoziua ni hatua ya mwisho, ile ya kuzigeuza namba za mwanga ziwe rangi za skrini. Katika programu ya Blender hatua hiyo ina mahali pake: fungua ukurasa wa Render Properties, shuka mpaka sehemu iitwayo Color Management, na humo utakuta kisanduku kilichoandikwa View Transform. Kisanduku hicho kidogo ndicho kinachoamua taa kali ionekane vipi, na mafundi wengi huimaliza miaka yao ya mwanzo bila kukigusa.

Ili tuelewe kinachotokea, tutengeneze onyesho dogo. Tuchukulie duka la vyungu usiku. Kuna balbu moja ndogo, na mbele yake kuna benchi refu lenye vyungu vinne vinavyofanana kabisa, vya udongo uleule na ukubwa uleule. Cha kwanza kiko mita 2 kutoka kwenye balbu, cha pili mita 1, cha tatu nusu mita, na cha nne sentimita 25. Hakuna taa nyingine.

Mwanga wa balbu ndogo hupungua kwa mraba wa umbali. Ukikisogeza kitu nusu ya umbali wake, kinapokea mwanga mara nne. Sasa tupange nguvu ya balbu ili upande wa chungu cha kwanza unaoitazama taa uwe na thamani ya 0.18 katika hesabu ya programu. Namba hii haikuokotwa tu. Wapiga picha na mafundi wa sinema wameizoea tangu zamani kama kijivu cha kati, yaani kitu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia, na ndicho kinachotumika kama katikati ya picha. Basi kama chungu cha kwanza kina 0.18, cha pili kitakuwa na 0.72, cha tatu 2.88, na cha nne 11.52.

Tazama namba mbili za mwisho. Zimepita 1, na si kosa. Ndani ya programu mwanga hauna dari. Jua, balbu, cheche ya mtu anayechomelea vyuma, vyote vinaweza kuwa na thamani ya mamia au maelfu, kama ilivyo duniani. Dari iko kwenye skrini. Monita ya kawaida ina mwanga wake wa juu kabisa, na kwa lugha ya namba mwanga huo ni 1. Hakuna kinachoweza kuonyeshwa juu yake.

Kwenye kisanduku cha View Transform lipo chaguo linaloitwa Standard. Chaguo hili halifanyi hila yoyote. Linazichukua namba na kuzipeleka skrini kwa kanuni ya kawaida ya monita, ile ya sRGB, basi. Kilicho chini ya 1 kinapita, kilichozidi kinakatwa. Ni kibaba kilichojaa mpaka ukingoni: ukimimina mchele zaidi, uwe wa kikombe kimoja au wa gunia zima, unamwagika, na kibaba kinabaki kilekile. Kwa kipimo cha skrini kinachoanzia 0 hadi 255, chungu cha kwanza kitapata 118, cha pili 221, cha tatu 255, na cha nne 255. Chungu cha nne kina mwanga mara nne ya cha tatu, lakini machoni ni kitu kimoja, weupe mtupu, bila mikwaruzo ya kidole cha mfinyanzi wala kivuli cha mdomo wa chungu.

Ukiendelea na hesabu hiyo utaona ubaya wake ulivyo mkubwa. Kutoka 0.18 hadi 1 ni mara tano na nusu hivi. Mwanga ukiongezeka kwa mraba wa umbali, thamani ya 1 inafikiwa ukiwa karibu sentimita 85 kutoka kwenye balbu. Yaani katika duka letu, upande wowote wa udongo ule unaoitazama taa kwa ukaribu zaidi ya huo, ukionyeshwa kwa Standard, ni doa. Wala balbu yetu si kali. Ni balbu ya kawaida inayokiangaza chungu kilicho mita mbili kwa kiasi cha kuonekana vizuri. Ndiyo maana kupunguza nguvu ya taa hakuponyi. Ukitaka chungu cha nne kisikatwe, inabidi uipunguze taa zaidi ya mara kumi na moja, na hapo chungu cha kwanza kitabaki na 0.016 tu, karibu na weusi.

Wapiga picha huhesabu mwanga kwa stopu, na hapa inafaa tufuate desturi yao. Stopu moja juu ni mwanga maradufu, mbili ni mara nne, tatu ni mara nane. Kwa hesabu hiyo, Standard inakuachia chini kidogo ya stopu mbili na nusu juu ya kijivu cha kati kabla haijakata. Chungu chetu cha nne kiko stopu sita juu.

Mwaka 2017, toleo la 2.79 la Blender lilikuja na chaguo jipya lililoitwa Filmic, kazi ya Troy Sobotka, mtaalamu wa rangi aliyekuwa amelipigania jambo hili kwa muda. Toleo la 2.80, lililotoka mwaka 2019, likalifanya kuwa chaguo la kuanzia. Wazo lake lilitoka kwenye filamu za kamera za zamani. Filamu haikati ghafla. Mwanga unapozidi, inaupokea kwa uvivu zaidi na zaidi, hata unapofika juu kabisa ongezeko kubwa la mwanga huleta ongezeko dogo tu la weupe. Filmic iliukunja mwanga kwa namna hiyo, na ikaweka kikomo chake stopu sita na nusu juu ya kijivu cha kati, yaani kwenye thamani ya 16.3 hivi. Rudi kwenye benchi letu: 11.52 sasa imo ndani. Chungu cha nne kinang'aa kuliko cha tatu, cha tatu kuliko cha pili, na mikwaruzo ya mfinyanzi inaonekana kwenye vyote. Weupe mtupu unaanzia sentimita 21 kutoka kwenye balbu badala ya 85.

Hapo wengi walidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu mpaka sasa tumezungumza habari ya mwanga kana kwamba hauna rangi, na vyungu vyetu tumevihesabu kama kijivu. Kwa kweli kila piseli ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kila moja hugonga dari kwa wakati wake, na hapo ndipo rangi hugeuka kuwa kitu kingine.

Tuivalishe balbu yetu kioo cha rangi ya chungwa, kisha kioo chenyewe tukipe mwanga wake. Katika Blender hiyo ni Emission. Tuchague rangi yenye nyekundu 1, kijani 0.3, na buluu 0.02. Nguvu yake ikiwa 1, skrini itaonyesha 255, 149, 39, na hiyo ni rangi ya chungwa hasa. Sasa tuongeze nguvu iwe 20 ili kioo kionekane kweli kinawaka. Namba zinakuwa 20, 6 na 0.4. Standard inakata nyekundu kwenye 1, inakata kijani kwenye 1, na buluu inapita ilivyo. Skrini inapata 255, 255, 170. Nyekundu na kijani zimekuwa sawa, na nyekundu ikilingana na kijani kinachozaliwa ni njano. Ulichagua chungwa, umepewa njano iliyopauka, tena ya kibapa, kwa sababu kila sehemu ya kioo imegonga dari ileile.

Ubaya huu ni wa namna ya pekee, na ukishaujua utauona kila mahali: moto wa kuni unaogeuka njano ya plastiki, taa nyekundu ya gari yenye kiini cha njano au cha waridi, bango la buluu linaloelekea samawati. Kwenye ukuta ulioangazwa na taa ya joto utaona pete: katikati weupe, kisha mzunguko wa njano kali usiokuwepo kwenye taa wala kwenye ukuta, halafu ndipo rangi yenyewe inaanza. Pete hiyo ni mahali ambapo nyekundu imeshakatwa na kijani bado kinapanda.

Filmic ilipunguza ghafla hiyo, lakini nayo ilikuwa ikikunja kila namba peke yake. Kwa kioo chetu, nyekundu ya 20 imepita kikomo cha 16.3, na kijani cha 6 kiko stopu tano juu, karibu na kikomo. Zote mbili zinasongamana juu, tofauti kati yake inasinyaa, na chungwa linaendelea kuteleza kuelekea njano. Taa nyeupe zilipona. Taa za rangi hazikupona.

Mwezi Novemba 2023 toleo la 4.0 la Blender likaja na AgX, na likaiweka kuwa chaguo la kuanzia kwa mafaili mapya badala ya Filmic. Nayo chimbuko lake ni kazi ya Sobotka, ikaendelezwa na wengine mpaka ikaingia kwenye programu. Mkunjo wake wa mwanga haupishani sana na wa Filmic. Mwongozo wa Blender unataja upana wa stopu 16.5. Kilichobadilika ni kinachofanyika kabla ya mkunjo. AgX kwanza huzichanganya kidogo namba tatu za rangi, ili hata chungwa lililo safi kabisa liwe na tone la kijani zaidi na tone la buluu zaidi. Baada ya hapo ndipo hukunja, halafu hurudisha sehemu ya ukolezo wa rangi uliopotea.

Faida ya mchanganyiko huo inaonekana pale mwanga unapokuwa mkali sana. Kwa kuwa hakuna namba iliyobaki karibu na sifuri, zote tatu zinapanda pamoja. Kioo cha chungwa chenye nguvu ya 20 hakiwi njano. Kinakuwa chungwa lililopauka, na ukizidi kuongeza nguvu kinaelekea weupe taratibu, huku kingo zake na mwanga unaouangukia ukuta zikibaki na rangi ya chungwa. Ndivyo kamera inavyofanya, na ndivyo jicho lilivyozoea kuona taa za rangi kwenye picha: kiini cheupe kilichozungukwa na rangi yake. Mtazamaji anasoma ukali wa taa kutokana na huko kupauka. Njano ya plastiki haimwambii kwamba taa ni kali. Inamwambia kwamba kioo ni cha njano.

Kwa hiyo, kwa picha yoyote inayotaka kufanana na picha ya kamera, jibu langu ni AgX, na silitoi kwa kusitasita. Ukiwa na toleo la 4.0 au jipya zaidi, faili jipya tayari liko huko. Tatizo ni mafaili ya zamani, kwa sababu faili lililotengenezwa kabla ya hapo hubaki na chaguo lake la awali hata ukilifungua kwenye programu mpya. Tatizo jingine ni ushauri wa kizamani unaosambaa kutoka mtu hadi mtu kwamba Standard ndiyo inayotoa rangi zilizokolea. Angalia kisanduku hicho kabla hujagusa taa hata moja.

Je, utajuaje kwamba doa unaloliona limesababishwa na kukatwa na si kitu kingine? Kipimo cha kwanza ni Exposure, iliyo chini ya View Transform. Inahesabu kwa stopu, na inafanya kazi kabla ya kukunjwa kwa mwanga. Ishushe mpaka −4 uitazame sehemu iliyoungua. Kama nakshi za ukuta na mikwaruzo ya chungu zinajitokeza, mwanga wote umo ndani na umekuwa ukikatwa kwenye hatua ya mwisho tu. Irudishe Exposure mahali pake na ubadilishe View Transform. Kama sehemu ile inakuwa kijivu kitupu bila kujitokeza kitu, basi nakshi hazimo tangu mwanzo. Mara nyingi sababu ni picha ya kawaida iliyobandikwa kama mandhari ya anga au ya dirishani, ambayo iliungua ndani ya kamera siku ilipopigwa. Hakuna chaguo la Blender litakaloirudisha hiyo.

Kipimo cha pili ni kusoma namba zenyewe. Kwenye dirisha linaloonyesha picha iliyokwisha kurendiwa, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya ukishikilie juu ya piseli unayoitilia shaka. Chini ya dirisha zitatokea namba za mwanga kama zilivyohesabiwa, na pembeni yake namba zilizokwisha kugeuzwa kwa ajili ya skrini. Ukiona 11.52 upande mmoja na 1 upande wa pili, umemkamata mwizi. Kuna pia chaguo la False Color ndani ya kisanduku kilekile cha View Transform, linalopaka picha nzima rangi za kuashiria kiwango cha mwanga, kuanzia buluu gizani, kijivu kwenye katikati, hadi njano na nyekundu kwenye ukali. Ukilitumia dakika moja kabla ya kurenda, litakuonyesha kama chungu unachotaka kitazamwe kiko karibu na kijivu au kiko kwenye nyekundu.

Jambo zuri ni kwamba hakuna haja ya kurenda upya ili kulinganisha. View Transform haigusi hesabu ya mwanga. Ukishamaliza kurenda, badilisha kutoka Standard kwenda AgX na picha iliyo mbele yako inabadilika papo hapo, hata kama hesabu ilichukua usiku kucha.

Lakini ukibadilisha hivyo, utakutana na lalamiko ambalo limewarudisha watu wengi kwenye Standard: picha imepoa, imekuwa kijivu, haina nguvu. Lalamiko ni la haki. Kama skrini ni ileile, na sasa stopu sita na nusu zinabanwa mahali palipokuwa na mbili na nusu, lazima kila moja ipate nafasi ndogo zaidi. Chungu cha pili, ambacho Standard ilikipa 221, sasa kitakuwa na giza zaidi ili kuwaachia nafasi cha tatu na cha nne. Hiyo ndiyo bei.

Bei hiyo hulipwa kwa vitu viwili vilivyo jirani. Kwanza ni Exposure: ukishajua kwamba taa hazitakatwa ghafla, unaweza kuipandisha nusu stopu au stopu nzima, jambo ambalo chini ya Standard lingekuwa maafa. Pili ni Look, kisanduku kilicho chini kidogo ya View Transform. Kwa AgX humo mna ngazi za ukinzani wa mwanga na giza, kutoka Very Low Contrast hadi Very High Contrast, na pia Punchy, inayokoleza. Kwa duka la vyungu ningeanza na Medium High Contrast na Exposure ya 0.5, kisha ningetazama chungu cha kwanza, kile cha mbali. Kikikaa vizuri, nimemaliza. Very High Contrast siipendekezi kwa onyesho lenye taa ndani yake, maana inayarudisha mabega ya mwanga kwenye ukali uleule tulioukimbia.

Kuna kazi ambazo AgX haizifai, na anayezifanya anapaswa kujua mapema. Mteja anapokupa nembo ya kampuni yake na kutaka nyekundu ile ile ya kwenye karatasi zake, AgX itaibadilisha. Karatasi nyeupe iliyochanganuliwa na kuwekwa kama picha yenye thamani ya 1 haitatoka nyeupe. Itatoka kijivu hafifu, kwa kuwa 1 si dari tena, ni stopu mbili na nusu tu juu ya katikati. Katuni zenye rangi bapa, michoro ya maelezo, maandishi, na video iliyokwisha kupatiwa rangi zake kwenye kamera, vyote hivyo viende Standard. Hakuna mwanga mkali wa kuokolewa humo, na kila rangi inatakiwa itoke kama ilivyoingia.

Katikati ya kambi hizo mbili ipo kazi ya bidhaa: chupa ya mafuta ya nywele, jozi ya viatu, sufuria kwa ajili ya duka la mtandaoni. Mnunuzi anataka rangi ya kweli, na wakati huohuo chupa inang'aa mahali taa inapoipiga. Kwa hiyo toleo la 4.2, la mwaka 2024, liliongeza Khronos PBR Neutral, iliyotokana na Khronos, jumuiya inayosimamia viwango vya picha za pande tatu. Chaguo hili huziacha rangi karibu kama zilivyo mpaka mwanga ufike jirani na 0.8, na kuanzia hapo ndipo hubana na kupausha kile kinachozidi. Kwa chupa iliyo ndani ya studio yenye mwanga laini inapendeza sana. Kwa duka letu la vyungu haifai: chungu cha tatu na cha nne vitasongamana kwenye ile nafasi finyu iliyobaki juu ya 0.8, navyo vitakuwa karibu kufanana.

Hila moja inastahili kujulikana na yeyote anayetengeneza mabango ya taa usiku. AgX haikubali rangi iwe kali sana na iliyokolea sana kwa pamoja, kwa hiyo maandishi mekundu ya bango yenye nguvu ya 50 yatapauka, na mwenye duka atalalamika kwamba jina lake si jekundu. Usibadilishe View Transform kwa ajili hiyo. Tenganisha mwanga unaoonekana na mwanga unaoangaza. Katika Cycles kuna nodi iitwayo Light Path yenye tundu la Is Camera Ray. Kwa kuitumia unaweza kuifanya Emission iwe na nguvu ya 3 pale kamera inapoitazama moja kwa moja, na 50 pale inapomwaga mwanga wake ukutani na kwenye lami yenye maji. Jina linabaki jekundu, barabara inapata wekundu wake wote.

Njia moja ya mkato niikemee. Kwenye mipangilio ya Cycles kuna sehemu ya Clamping, na wapo wanaoweka Direct Light iwe 1 ili taa zisizidi. Kweli hazitazidi, lakini sasa mwanga unakatwa ndani ya hesabu yenyewe. Ule mwanga wa 11.52 haupo tena popote, na kushusha Exposure hakutaurudisha. Sehemu hiyo iliwekwa kwa ajili ya kuzima vidoa vya piseli zinazomeremeta ovyo, tena kwa thamani kubwa.

Hatari kama hiyo iko kwenye kuhifadhi. Ukihifadhi PNG au JPEG, View Transform inaandikwa ndani ya faili na haitoki tena; PNG iliyotoka kwa Standard ina chungu cha tatu na cha nne vyenye 255 milele. Ukihifadhi OpenEXR, namba za mwanga zinahifadhiwa zilivyohesabiwa, pamoja na ile 11.52, na View Transform haiandikwi. Basi kazi kubwa ihifadhiwe OpenEXR kwanza, halafu PNG ya kumtumia mteja itolewe kutoka humo. Mwenzako akiifungua OpenEXR hiyo kwenye programu nyingine na kusema imeungua, usishangae: programu yake inaionyesha kwa kanuni ya kawaida ya sRGB, na inabidi naye achague mgeuzo unaofanana na wako.

Limebaki swali la balbu yenyewe. Tulipoacha duka, kila chungu kilikuwa kimepona, lakini waya unaowaka ndani ya balbu una thamani ya mamia, nao chini ya AgX bado ni mweupe. Uache. Mtu akiitazama balbu ya kweli usiku haoni nakshi zake, na picha isiyo na sehemu yoyote iliyofika weupe huonekana kama imepigwa kwenye ukungu. Kinachotakiwa ni kwamba weupe huo uwe mdogo, ukae pale ilipo balbu, na kingo zake ziyeyuke kuingia kwenye rangi ya kioo bila pete ya njano. Chungu kilicho sentimita kumi kutoka kwenye balbu nacho kitapoteza nakshi zake, kwa sababu hapo mwanga umefika 72, zaidi ya stopu nane juu ya kijivu. Kama mteja anataka nakshi za chungu hicho zionekane, kisogeze mpaka sentimita 25.